Linki ya WhatsApp yenye ujumbe tayari: maswali ninayoulizwa kila siku kaunta

Nina stesheneri ndogo Dar es Salaam. Kazi zetu ni fotokopi, kulamineti, kadi za mwaliko, stika na vipeperushi. Zamani mtu akija kuchapa stika ya biashara alitaka jina na namba ya simu, basi. Siku hizi anaongeza: "Na ile linki, ukiibonyeza WhatsApp inafunguka na maneno yameshaandikwa." Maswali yanayofuata baada ya hapo ni yale yale, nami nimechoka kuyajibu mashine ya fotokopi ikinguruma pembeni, kwa hiyo nimeyaandika.

Mfano nitakaourudia ni wa mzee mmoja mwenye boza la maji. Stika zake nimezichapa mara tatu, na mara mbili za kwanza tulikosea. Kosa la kwanza lilikuwa langu.

Hiyo linki inafanya nini hasa?

Inamwondolea mteja kazi ya kuhifadhi namba yako. Bila linki, mtu akiona namba kwenye stika inabidi aiandike kwenye simu, aipe jina, aihifadhi, afungue WhatsApp, atafute hilo jina, ndipo aandike. Wengi wanaishia kwenye kuhifadhi, wakisema watakutafuta baadaye. Kwa linki, anabonyeza mara moja na mazungumzo na wewe yanafunguka. Ukiwa umeweka ujumbe tayari, anaukuta umeshakaa kwenye sehemu ya kuandikia, amebakiza kubonyeza kutuma.

Haigharimu chochote, na huhitaji kujisajili popote. Linki ni maneno tu unayoyaandika kwa mpangilio ambao WhatsApp wenyewe wameuweka. Akikwambia mtu anakuuzia linki kwa malipo ya kila mwezi, muulize kwanza anakuongezea nini.

Naiandikaje?

Linki tupu, isiyo na ujumbe, ni hii:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX
```

Penye herufi X weka tarakimu zako. Unaanza na namba ya nchi, 255 kwa Tanzania, 254 kwa Kenya, 256 kwa Uganda, 243 kwa Kongo, kisha namba yako bila ile sifuri ya mwanzo. Usiweke alama ya kujumlisha, wala mabano, wala vistari, wala nafasi. Namba ya simu ya mkononi ya Tanzania ikiandikwa hivi inakuwa na tarakimu 12. Zihesabu kwa kidole. Zikiwa 13, sifuri imebaki ndani.

Hapo ndipo nilipokosea mimi. Mzee alinipa namba yake kwenye karatasi, inaanza na 07 kama tunavyozoea kuandika. Nikatanguliza 255, nikaendelea na karatasi ilivyo: 25507 na kuendelea. Nikachapa stika 200, nikazikata, akazichukua. Jioni yake akanipigia: "Mwanangu, hii kitu inasema namba haipo, na mimi simu ninayo mkononi." Nilirudia kazi yote kwa karatasi zangu na wino wangu. Tangu siku hiyo sichapi chochote kabla linki haijabonyezwa kwenye simu mbili tofauti, na moja isiwe ya mwenye biashara. Ukiijaribu kwenye simu yako mwenyewe utafunguliwa mazungumzo ya kujiandikia mwenyewe, na hapo hutajua mteja anaona nini.

Tarakimu ni 12, nimehesabu, na bado inasema namba si sahihi. Tatizo nini?

Mara nyingi namba hiyo haina WhatsApp. Linki haiwezi kumfikisha mtu mahali ambapo akaunti haipo. Nimekutana na hili kwa watu wenye laini mbili: WhatsApp yake ameifungulia kwenye laini moja, mimi kanipa namba ya laini nyingine anayopokelea malipo. Fungua WhatsApp yako, ingia kwenye mipangilio, bonyeza jina lako, utaona namba iliyosajiliwa. Hiyo ndiyo ya kuweka kwenye linki, hata kama namba ya malipo ni nyingine.

Ujumbe wa tayari naupachika vipi?

Baada ya namba unaweka alama ya kuuliza, neno `text`, alama ya sawasawa, halafu ujumbe wako. Ugumu ni mmoja tu: linki haikubali nafasi kati ya maneno. Ukiacha nafasi, simu inadhani linki imeishia hapo, na yaliyobaki yanahesabika kama maandishi ya kawaida. Kwa hiyo nafasi inaandikwa kwa alama yake, na vivyo hivyo kushuka mstari na alama nyingine chache:

```
nafasi          %20
mstari mpya     %0A
&               %26
#               %23
+               %2B
%               %25
:               %3A
```

Kwa hiyo "Habari, nahitaji maji" inageuka hivi:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Habari,%20nahitaji%20maji
```

Ujumbe mfupi unaugeuza kwa mkono. Ukiwa mrefu, au una emoji (emoji moja inageuka kuwa mlolongo wa alama ambao hakuna atakayeukariri), tumia kompyuta. Fungua Chrome, bonyeza F12, nenda sehemu iliyoandikwa Console, andika hivi kisha bonyeza Enter:

```
encodeURIComponent("Habari, nahitaji maji")
```

Itakurudishia maneno yaliyokwisha kugeuzwa. Unayakopi bila zile alama za kunukuu za mwanzo na mwisho, unayapachika baada ya `text=`. Ukikuta mkato umegeuka kuwa `%2C`, iache hivyo, ni sawa.

Mbona ujumbe wangu unafika nusu?

Angalia umekatikia wapi. Pale ulipokatikia ndipo pana jibu.

Dada mmoja anayeshona mapazia alikuwa na ujumbe unaosema "Naulizia mapazia & mashuka". Wateja wote walikuwa wakimtumia "Naulizia mapazia", na yeye akaamini mashuka hayana soko. Alama ya `&` ndani ya linki ina kazi yake: inaiambia simu kwamba ujumbe umekwisha na kinachofuata ni kitu kingine. Iandike `%26`, au iache kabisa uandike "na". Kiswahili kina neno la herufi mbili kwa kazi hiyo, sijui kwa nini tunahangaika na alama.

Alama ya `#` nayo inakata kila kinachofuata, kwa hiyo "oda #12" itafika "oda" tu. Alama ya kujumlisha inaweza kugeuka kuwa nafasi. Alama ya asilimia ikikaa peke yake, kama kwenye "punguzo 10%", inaweza kuuharibu ujumbe mzima, kwa sababu simu inangoja tarakimu mbili baada yake na haizipati.

Kuna kosa la mwisho linalofichika zaidi. Linki yako ikiishia na nukta, mkato au nukta pacha, ukiituma kwenye meseji au kuibandika Facebook, ile alama ya mwisho mara nyingi inaachwa nje ya linki. Mtandao unadhani ni alama ya kumalizia sentensi yako. Nukta pacha ya mwisho iandike `%3A`. Nukta ya kawaida ya mwisho usiiweke kabisa.

Na maneno yenye ng', kama ng'ombe?

Swali zuri, na limeniuma mwenyewe. Kwenye linki unayoibandika Instagram au kwenye meseji, ile alama ya juu haina tatizo. Tatizo linatokea kwenye tovuti, pale fundi anapofunga linki kwa alama moja za kunukuu badala ya mbili. Ile alama ya ng' inahesabika kuwa ndiyo mwisho wa linki, na mteja wa nyama anakutumia "Naulizia nyama ya ng". Iandike `%27` usalimike popote:

```
<a href="https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Nyama%20ya%20ng%27ombe">Agiza</a>
```

Niandike maneno gani kwenye ujumbe?

Hili ndilo swali ambalo watu hawaliulizi, na ndilo linaloamua kama linki itakusaidia au itakuletea usumbufu.

Stika ya pili ya yule mzee ilikuwa na namba sahihi. Tukakaa kupanga ujumbe. Mzee alitaka kujua kila kitu mapema, asipoteze muda kuuliza: jina la mteja, mtaa, alama ya karibu, maji ya kisima au ya bomba, lita ngapi, tanki liko chini au juu ya mnara, mpira ufike mita ngapi, siku gani, saa ngapi. Nikampunguzia zikabaki tatu, nikajiona mjuzi:

```
Habari, nahitaji maji.
Mtaa:
Lita:
Siku na saa:
```

Ilikuwa safi kabisa kwenye karatasi. Wiki iliyofuata mzee akaja na simu yake akanionyesha. Meseji tatu mfululizo, kila moja kutoka namba tofauti, zimeandikwa vile vile nilivyoziandika mimi, nafasi zote tupu. Watu walibonyeza kutuma bila kujaza. Mteja mwingine alijaza penye "Lita:" tu, akaandika "tanki moja". Mzee akauliza, "Sasa huyu nimpelekee wapi?"

Nikajaribu mwenyewe nikaelewa. Ukifungua linki, kwa kawaida kishale cha kuandikia kinakaa mwisho wa ujumbe. Ili kujaza "Mtaa" mteja anatakiwa aguse kwa kidole juu kabisa, kwenye mstari wa pili, kati ya nukta pacha na mwisho wa mstari, kwenye kisanduku kidogo cha simu yenye kioo kilichopasuka. Nani atafanya hivyo wakati ndoo zimekauka? Anabonyeza kutuma, akijua utamuuliza.

Kwa hiyo nafasi ya kujaza iwe moja, na ikae mwisho, pale kishale kilipo tayari. Chagua lile jambo moja ambalo bila hilo huwezi hata kuanza kumjibu. Kwa mwenye boza ni mtaa: mtaa ndio unaomwambia kama anafika huko, na bei inategemea umbali. Lita na saa anaweza kuuliza baadaye. Stika ya tatu ikawa na ujumbe huu:

```
Habari, nahitaji boza la maji. Nipo mtaa wa:
```

Na linki yake:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Habari,%20nahitaji%20boza%20la%20maji.%20Nipo%20mtaa%20wa%3A
```

Mteja anakuta sentensi iliyoachwa njiani, na mtu akikuta sentensi inaning'inia mkono wenyewe unaimalizia. Anayetuma bila kumalizia bado yupo, lakini hata yeye ameshasema anachotaka, na mzee anamjibu kwa swali moja tu.

Ujumbe uwe wa sauti ya mteja, si yako. Nimeona watu wanaweka "Karibu duka letu, tunauza kwa bei nafuu". Hebu fikiria mteja anaubonyeza, anakutumia wewe hayo maneno ya kukukaribisha dukani kwako. Maneno ya kukaribisha yana mahali pake, nitayafikia. Na usimwandikie mteja maneno ambayo hajaamua kuyasema, kama "Nataka kununua leo". Mtu aliyekuwa anaulizia bei tu ataufuta au atatoka.

Je, ujumbe unajituma wenyewe mtu akibonyeza linki?

Hapana. Ni lazima mteja abonyeze kutuma, na kabla ya hapo anaweza kuufuta au kuandika matusi akitaka. Mpaka atume, wewe huoni chochote, wala hujui kwamba alifungua. Ukiona watu wanabonyeza lakini meseji haziji, sababu mara nyingi ni ujumbe wenyewe: mrefu mno, au una maneno wasiyopenda yaonekane yametoka kwao.

Naweza kumfanya mteja atume picha au lokesheni kupitia linki?

Linki inabeba maandishi tu. Picha na lokesheni mteja anaziambatisha mwenyewe kutoka ndani ya WhatsApp. Unachoweza ni kumwomba, lakini mwombe kwenye jibu lako la kwanza badala ya kwenye ujumbe wa tayari.

Ndipo inaposaidia WhatsApp Business, ile programu ya biashara ya bure. Ina majibu ya haraka: unaandika jibu mara moja, unaliwekea jina fupi, halafu ukiwa kwenye mazungumzo unaandika mkwaju `/` na lile jina, jibu lote linatokea. Mzee ana moja linalosema "Ahsante. Nitumie lokesheni: bonyeza alama ya kuambatisha, chagua Location. Na tanki lako ni la lita ngapi?" Binti yake ndiye aliyeliandika. Maswali aliyotaka kuyabana yote kwenye stika sasa yanakuja baada ya mteja kuingia mlangoni. Programu hiyo hiyo ina salamu ya kujituma yenyewe kwa anayekuandikia mara ya kwanza, na hapo ndipo pa kuweka "Karibu".

WhatsApp Business si inatengeneza linki yenyewe? Kwa nini nihangaike na alama?

Inatengeneza, na kwa mtu anayehitaji linki moja tu namshauri aanze hapo. Ingia kwenye zana za biashara, tafuta `Short link`, washa sehemu ya ujumbe wa tayari, andika maneno yako kama kawaida, na alama zote inazishughulikia yenyewe. Unapata linki fupi inayoanza na `wa.me/message/` ikifuatiwa na herufi na tarakimu, na kodi ya QR, ule mraba wa vidoa vyeusi na vyeupe, ipo hapo hapo. Uzuri mkubwa ni kwamba ukitaka kubadili ujumbe kesho, unaubadili ndani ya programu na linki inabaki ile ile. Stika zilizokwisha kubandikwa hazipotei. Kama ningejua hili mapema, stika ya tatu ya mzee isingehitajika.

Kasoro yake ni kwamba inabeba ujumbe mmoja. Ukitaka ujumbe wa Instagram uwe tofauti na wa stika, unarudi kwenye linki ya kuandika mwenyewe. Na kuwa mwangalifu na sehemu ya kuweka upya kodi ya QR: ukiibonyeza, kodi ya zamani inakufa pamoja na kila karatasi uliyoichapa.

Nitajuaje mteja ameniona wapi?

Kwa kubadili maneno machache. Linki ya Facebook iseme "Habari, nimeona tangazo lako Facebook", ya stika isiseme hivyo. Huhitaji kuhesabu kila siku. Mwisho wa mwezi andika "tangazo lako Facebook" kwenye sehemu ya kutafuta ya WhatsApp, utaziona meseji zote zenye maneno hayo. Si hesabu kamili, maana wapo wanaofuta, lakini inatosha kukuonyesha kama pesa ya tangazo inarudi.

Usitumie kodi za siri kama "REF-FB-02". Mteja akiziona anashtuka, anadhani anatapeliwa, na ana haki.

Stika ina linki ndefu. Nani ataiandika?

Hakuna. Kwenye karatasi linki inageuzwa kuwa ule mraba wa kodi ya QR. Hapa urefu wa ujumbe unarudi kukusumbua kwa njia nyingine: linki ikiwa ndefu, vidoa vinakuwa vingi na vidogo, na kamera ya simu ya bei ya chini inashindwa kuvisoma. Ujumbe mfupi unatoa mraba wenye vidoa vikubwa.

Mraba wa kushika mkononi, kama kwenye kadi, usiwe chini ya sentimita 2 kila upande. Kwa kitu kinachosomwa kutoka mbali tunagawa umbali kwa 10: mtu akisimama mita moja, mraba uwe kama sentimita 10. Uache ukingo mweupe pande zote, usiruhusu msanifu wako aupambe kwa maua mpaka kwenye vidoa, na rangi iwe nyeusi juu ya nyeupe. Wanaoniletea mraba wa dhahabu juu ya krimu wanarudi wote.

Mzee alitaka mraba mkubwa ubavuni mwa boza. Nikamwambia boza likiwa barabarani hakuna wa kulipiga picha, na likiwa limeegeshwa nyumbani kwa mteja, mteja huyo ameshampata. Kule ubavuni tukaandika namba ya kupiga, kwa maandishi makubwa. Stika ya QR anaibandika nyumbani kwa mteja kila anaposhusha maji, karibu na swichi ya pampu. Mwanzoni aliibandika kwenye simtanki lenyewe, lakini tanki ni la mviringo, mraba ulijikunja na kamera ikagoma, na jua likaupausha. Kwenye ukuta wa swichi ni bapa, pana kivuli, na ndipo mtu anaposimama pampu inapovuta hewa badala ya maji.

Onyo moja kuhusu tovuti za kutengeneza QR: baadhi hazigeuzi linki yako moja kwa moja, zinaweka linki yao ambayo baadaye inampeleka mteja kwako, na muda wa majaribio ukiisha wanaizima mpaka ulipe. Ukimaliza kutengeneza, piga picha mraba huo na usome linki inayotokea kabla ya kuifungua. Ikianza na `wa.me`, chapa. Ikianza na kitu kingine, iache.

Naiweka wapi mtandaoni?

Instagram iweke kwenye sehemu ya linki ya wasifu wako. Ukiibandika kwenye maelezo ya picha haibonyezeki, ni maandishi tu, na watu hawatakopi. Kwenye stori tumia stika ya linki.

Kwenye SMS za jumla weka linki tupu au ile fupi ya WhatsApp Business. SMS moja ina nafasi ya herufi 160, na kila `%20` inakula tatu. Linki ya boza hapo juu peke yake inamaliza zaidi ya nusu.

Mteja mwenye kitochi je?

Linki haimsaidii, na mwenye simu janja isiyo na WhatsApp anaishia kwenye ukurasa unaomwambia apakue programu. Ndiyo maana sichapi stika yenye QR peke yake. Chini yake lazima kuwe na namba ya kupiga, iliyoandikwa kama watu wanavyoisoma, ikianza na sifuri. Kwenye tovuti weka na hii pembeni:

```
<a href="tel:+2557XXXXXXXX">Piga simu</a>
```

Hapa, tofauti na `wa.me`, alama ya kujumlisha inakubalika.

Mtu akiwa na linki yangu anaweza kuingia kwenye WhatsApp yangu?

Hawezi. Anachopata ni namba yako, ambayo tayari umeichapa kwenye stika. Hatari ipo upande wa pili: yeyote anaweza kutengeneza linki yenye jina la biashara yako kwenye tangazo na namba yake ndani, au kubandika QR yake juu ya yako. Waambie wateja wako waangalie namba inayofunguka kabla hawajatuma pesa, na wewe mwenyewe uwe unapiga picha stika zako mara moja moja upitapo.

Nikibadili namba?

Linki yenye namba ya zamani haitakufuata. Itaendelea kuelekea kule kule, na laini uliyoitelekeza ikija kuuzwa kwa mtu mwingine, wateja wako wataenda kwake. Mimi nawaambia watu waiweke laini ya biashara hai hata kama hawaitumii kupiga, na kama lazima ibadilishwe, waanze na linki za mtandaoni siku hiyo hiyo, kisha waje na orodha ya mahali zilipobandikwa stika. Mzee anayo daftari: kila nyumba aliyobandika, mtaa na tarehe.